Uliambiwa mashine inasaga magunia ishirini kwa siku: lini unaweza kuirudisha, na lini unadai fidia

Nguzo za umeme zinapofika kijijini, mashine za kusaga nazo huanza kubadilisha wenyewe. Mwenye injini ya dizeli anauza kwa sababu jirani amefunga mota. Mwenye mota anauza kwa sababu anahamia mjini, au ameugua, au ameona mbele kuna giza na hataki kusema. Mavuno yakiuzwa na fedha zikiwa mkononi, wanunuzi hawakosekani.

Anayenunua mashine inayofanya kazi hanunui chuma peke yake. Analipia na wateja waliozoea kuja pale. Chuma unaweza kukikagua na fundi, lakini wateja hawapimwi kwa mzani, kwa hiyo mnunuzi anategemea neno la muuzaji. Neno hilo likigeuka kuwa la uongo baada ya mkataba kusainiwa, ndipo tunapopata simu na ujumbe wa wasikilizaji wakiuliza swali lile lile: je, nimeliwa tu, au sheria inanipa njia?

Njia ipo. Ila inategemea jambo moja ambalo wengi hawalifahamu, nalo ni kama muuzaji alijua anadanganya au alikosea tu. Tutalieleza kwa sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ananunua mashine ya kusaga mahindi kwa shilingi milioni 12, pamoja na kibanda chake na mota ya umeme ya kilowati 15. Kabla ya kusaini, muuzaji anamwambia mbele ya mashahidi wawili: "Mama, hapa hapakosi magunia ishirini kwa siku. Mota haijawahi kuguswa na fundi. Mashine ni nzuri, hutajuta." Wanaandikiana, mtendaji wa kijiji anagonga muhuri, fedha zinalipwa zote. Wiki tatu baadaye mama anafungua daftari lake na kuona hajawahi kuvuka magunia matano kwa siku. Kijana aliyekuwa akiendesha mashine anamwambia hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote. Fundi naye akifungua mota anakuta iliwahi kuungua na ikasukwa upya.

Maneno matatu, uzito tofauti

Muuzaji alisema mambo matatu, na sheria haiyapimi sawa. "Mashine ni nzuri, hutajuta" ni sifa ya sokoni. Kila muuzaji anasifu chake, na mahakama haitavunja mkataba kwa sababu hiyo. "Magunia ishirini kwa siku" na "mota haijaguswa" ni maelezo ya jambo lililopo au lililokwisha kutokea, kitu ambacho kinaweza kuthibitishwa kuwa kweli au uongo. Haya ndiyo yanayoweza kufungua mlango.

Je, kama angesema, "Mwakani utasaga magunia thelathini"? Huo ni utabiri. Kukosea utabiri si kudanganya, isipokuwa ukionyesha kwamba hata yeye hakuuamini alipokuwa akiutoa.

Maelezo ya uongo peke yake hayatoshi pia. Lazima yawe ndiyo yaliyokufanya ukubali, au angalau moja ya sababu. Kama mama alikuwa tayari anajua kutoka kwa kijana wa mashine kwamba ni magunia matano, akanunua kwa sababu anataka kiwanja cha kibanda, hawezi kuja kulalamikia magunia ishirini. Uongo ambao haukumshawishi mtu hauugusi mkataba.

Alijua, au alikosea?

Kifungu cha 17 cha sheria hiyo kinazungumzia udanganyifu: mtu anasema jambo kuwa ni kweli huku yeye mwenyewe haamini kuwa ni kweli, au anaficha kwa makusudi jambo analolijua, ili mwenzake aingie mkataba. Kifungu cha 18 kinazungumzia maelezo yasiyo sahihi yaliyotolewa na mtu ambaye mwenyewe aliamini anasema kweli. Kifungu cha 19 kinasema matokeo yake: katika hali zote mbili, mkataba unaweza kubatilishwa na yule aliyepotoshwa, akitaka.

Hayo maneno "akitaka" yana maana kubwa. Mkataba haufi wenyewe. Unabaki hai mpaka aliyepotoshwa auvunje, na muuzaji hawezi kuuvunja kwa kisingizio cha uongo wake mwenyewe.

Hapo ndipo njia mbili zinapoachana. Kifungu hicho hicho cha 19 kina sharti ambalo limewaangusha wengi: kama maelezo yalikuwa ya kukosea tu, au kama udanganyifu ulikuwa wa kukaa kimya, mnunuzi hawezi kuvunja mkataba ikiwa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Lakini kama muuzaji alidanganya kwa mdomo wake huku anajua, sharti hilo halimlindi. Hawezi kusimama mahakamani na kusema, "Nilimdanganya ndiyo, lakini na yeye angeuliza."

Turudi kwa mama yetu tuone linavyofanya kazi. Tuseme muuzaji aliiendesha mashine mwenyewe miaka minne. Anajua magunia ni matano. Huyo ni mdanganyifu, na haijalishi kama mama angeweza kuchunguza zaidi.

Sasa tuseme muuzaji aliirithi mashine kwa kaka yake miezi miwili iliyopita, hakuwahi kukaa pale, na namba ya magunia ishirini aliambiwa na kaka yake kabla hajafariki. Aliiamini kwa dhati. Huyu alikosea tu. Hapo wakili wake atauliza: mama, ulikuwa na njia ya kujua?

Na njia ilikuwepo, kwenye simu. Mota ya kilowati 15 ikifanya kazi saa nzima kwa mzigo wake wote inakula yuniti 15 za umeme. Kusaga magunia ishirini, yaani kama tani mbili, hakuchukui nusu saa. Tukikadiria saa sita, hizo ni yuniti 90 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya yuniti 2,300 kwa mwezi. Ujumbe wa manunuzi ya LUKU unaonyesha yuniti. Kama mita ya kibanda kile ilikuwa inajazwa yuniti 400 kwa mwezi, mashine ilifanya kazi kama saa 27 tu kwa mwezi mzima, yaani saa moja kwa siku. Mota haibebi mzigo wake wote kila dakika, kwa hiyo hesabu hii si ya kukata senti. Lakini kutoka 400 hadi 2,300 hakuna kona ya kujificha.

Je, kumwomba muuzaji akuonyeshe ujumbe wa LUKU wa miezi sita ni uangalifu wa kawaida? Sisi tunaona kwamba kwa biashara ya milioni 12 hakimu anaweza kusema ndiyo, hasa kama muuzaji mwenyewe alisema, "Kama una shaka, angalia." Kuisoma mota ndani ni jambo jingine. Huhitajiki kufungua kifuniko cha mota na kukagua nyaya kabla ya kununua mashine, kwa hiyo uongo wa "haijaguswa na fundi" hauangukii kwenye sharti hilo kirahisi.

Wasikilizaji wetu wa upande wa Kenya wajue kwamba kwao mambo ni tofauti kidogo. Sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya sheria ya Uingereza, na huko tangu mwaka 1881 kuna hukumu maarufu ya Redgrave dhidi ya Hurd. Wakili mmoja alikuwa akiuza nyumba yake na kumwingiza mwenzake katika ofisi yake ya uwakili. Akasema ofisi inaingiza kama pauni 300 kwa mwaka, akaweka na makaratasi mezani. Mnunuzi hakuyakagua. Angeyakagua, angeona mapato hayafiki hapo. Mahakama ikasema kutokuyakagua hakumnyimi haki yake ya kujitoa: aliyeambiwa jambo ana haki ya kuliamini. Watu wawili wa mpakani, mmoja Namanga ya huku na mwingine Namanga ya kule, wanaweza kuambiwa maneno yale yale na wakapata majibu tofauti.

Kukaa kimya

Swali jingine linalotufikia sana ni hili: "Muuzaji alijua kuna mtu anafunga mashine mpya mita mia mbili kutoka pale, na hakuniambia. Si udanganyifu huo?"

Kwa kawaida, hapana. Sheria haimlazimishi muuzaji kukusimulia kila baya analolijua. Kimya kinakuwa udanganyifu pale tu ambapo alikuwa na wajibu wa kusema, kwa mfano kwa sababu ya uhusiano wa kuaminiana kati yenu, au pale ambapo kimya chenyewe kina maana sawa na kusema. Ukiuliza, hata hivyo, mambo yanabadilika. Ukisema, "Mzee, kuna mwingine anayefunga mashine hapa karibu?" na yeye akajibu "hakuna" huku anajua ipo, hicho si kimya tena. Ni uongo wa wazi. Swali moja la namna hiyo, mbele ya shahidi, linaweza kuwa na thamani kuliko kurasa mbili za mkataba.

Kuna aina moja ya kimya ambayo ni hatari kwa muuzaji. Ni pale aliposema kweli mwanzoni, kisha mambo yakabadilika kabla ya kusaini, naye akanyamaza. Mwaka 1934 huko Uingereza daktari aliyekuwa akiuza biashara yake ya tiba alisema mwezi Januari kwamba inaingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Ilikuwa kweli. Kisha akaugua, wagonjwa wakatawanyika, na mkataba uliposainiwa Mei biashara ilikuwa imebaki jina. Mahakama ilimruhusu mnunuzi kujitoa, kwa sababu maelezo ya Januari yalikuwa bado yanasikika masikioni mwake siku ya kusaini, na muuzaji alipaswa kuyasahihisha.

Kurudisha, au kubaki nayo

Aliyepotoshwa ana uchaguzi, na asichague kwa hasira.

Njia ya kwanza ni kuvunja mkataba. Kila mmoja anarudi alipokuwa: mashine kwa muuzaji, milioni 12 kwa mnunuzi. Kifungu cha 64 kinamtaka anayevunja mkataba arudishe faida aliyoipata kutokana nao. Kwa hiyo mama ajiandae kutoa hesabu ya alichosagisha katika wiki zile tatu. Zaidi ya bei, anaweza kudai hasara iliyotokana na muamala wenyewe, kama gharama ya kusafirisha vifaa na malipo ya fundi. Risiti ndizo zitakazozungumza.

Njia ya pili ni kubaki na mashine na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo yangekuwa kweli. Kifungu cha 19 kinaitaja njia hii pia. Kipimo rahisi ni tofauti ya thamani. Kama mashine yenye magunia ishirini ni ya milioni 12, na yenye magunia matano na mota iliyosukwa inauzika milioni 7, dai linaanzia milioni 5. Namba ya pili usiikisie. Tafuta mafundi au wafanyabiashara wawili wa mashine waitathmini na waandike.

Njia ya kwanza inapotea haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukiendelea kusagisha miezi minne baada ya kujua ukweli, ukabadilisha nyundo na chekeche, ukaajiri kijana mwingine, muuzaji atasema umeridhia, na huenda akasikilizwa. Inapotea pia ukishaiuza mashine kwa mtu mwingine aliyeinunua kwa nia njema, au ikiwa imeharibika mikononi mwako kiasi kwamba hakuna cha kurudisha. Njia ya fidia inaweza kubaki hata pale ya kurudisha inapofungwa.

Kwa hiyo siku unapogundua, simamisha mashine. Mjulishe muuzaji kwamba unavunja mkataba, sema kwa sababu gani, na sema mashine ipo tayari kuchukuliwa. Kumwambia jirani yake haitoshi. Andika barua, mkabidhi mbele ya shahidi au kupitia ofisi ya mtendaji, ubaki na nakala iliyosainiwa. Ujumbe wa simu nao unafaa kuongezea, kwa sababu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Usiufute, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi.

"Hilo halimo kwenye karatasi"

Hili ndilo jibu ambalo wauzaji wengi hulitoa, na wanunuzi wengi hurudi nyumbani wakiwa wameinamisha kichwa. Hati ya mauziano inasema tu: mashine moja, mota moja, kibanda kimoja, milioni 12, "mnunuzi ameikagua na kuridhika". Magunia ishirini hayamo.

Ni kweli kwamba mkataba ukishaandikwa, mahakama kwa kawaida haikubali maneno ya mdomo yaje kuupinga au kuubadilisha. Lakini Sheria ya Ushahidi inaacha mlango kwa udanganyifu: unaruhusiwa kuleta ushahidi wa mdomo kuonyesha kwamba ulilaghaiwa hadi ukasaini. Na kile kifungu cha "ameridhika" hakimwokoi aliyedanganya kwa kujua, kwa sababu kuridhika kwenyewe kulipatikana kwa uongo.

Ugumu upo kwenye kuthibitisha. Mwaka 1957 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba anayedai udanganyifu katika shauri la madai lazima authibitishe kwa uzito zaidi ya ule wa madai ya kawaida, ingawa si kwa kiwango cha kesi ya jinai. Kauli hiyo bado inatajwa katika hukumu za leo. Mashahidi wawili wa maneno ya muuzaji, kijana wa mashine na daftari lake, rekodi za LUKU, na maelezo ya fundi aliyeisuka mota vikikaa pamoja vinatengeneza picha. Neno lako peke yako dhidi ya neno lake halitengenezi.

Kwa sababu hiyo, katika madai yako usitegemee udanganyifu tu. Eleza kwanza kwamba alijua. Kisha ongeza kwamba hata kama hakujua, maelezo hayakuwa sahihi na hukuwa na njia ya kawaida ya kugundua. Ukishindwa la kwanza, la pili linabaki.

Wengine hukimbilia polisi kwanza. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na una haki ya kuripoti. Ila kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Anaweza kufungwa na wewe ukabaki na mashine yako ya magunia matano. Dai la fedha lina mlango wake. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30, na karani atakuelekeza kama shauri lako linastahili kuanzia Mahakama ya Wilaya. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kukusaidia kuandika madai. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka sita, na palipo na udanganyifu siku huanza kuhesabiwa ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Lakini hiyo ni miaka ya kudai fedha. Haki ya kurudisha mashine, kama tulivyosema, haisubiri miaka.

Mama wa mfano wetu ana tatizo moja ambalo hukumu nzuri haiwezi kulitibu peke yake: alilipa milioni 12 zote siku ya kusaini. Muuzaji akiwa ameshazitumia, kilichobaki ni kukamata mali yake kwa amri ya mahakama, kama mali ipo. Angelipa milioni 8 na kuandikiana kwamba milioni 4 zitalipwa baada ya siku 30 za kusagisha, wiki ya tatu ingemkuta bado ana milioni 4 mkononi, na muuzaji ndiye angekuwa anapiga simu.